Kabla hujaacha mkufu wako rehani, isome stakabadhi

Novemba mvua zikianza Mbeya, mbegu na mbolea hudai fedha kwa wakati mmoja, na wengi hukimbilia mkufu uliofungiwa kabatini. Ukiuweka rehani, soma stakabadhi ungali umesimama mbele ya mizani. Ukishatoka mlangoni, karatasi hiyo ndiyo mkufu wako.

Anza na uzito. Mizani isome 0.00 kabla mkufu haujawekwa, kisha namba unayoiona ndiyo iandikwe. Kama mkufu una mawe, ziandikwe namba mbili: uzito wa jumla na uzito wa dhahabu peke yake. Mimi niliwahi kupokea karatasi iliyosema "mkufu mmoja wa njano", basi. Siku ya kukomboa niliuona mwepesi mkononi, lakini sikuwa na namba ya kubishania.

Karati, yaani sehemu ngapi kati ya 24 ni dhahabu safi, ndiyo inayobeba thamani. Tafuta muhuri kwenye kifungio: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14. Muhuri pekee hautoshi, kwa hiyo mwombe sonara apime mbele yako. Chukua mkufu wenye gramu 12 za dhahabu. Kwa karati 18, dhahabu safi ndani yake ni gramu 9. Ukiandikwa karati 14, zinabaki gramu 7. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000: kosa la namba moja limekula 600,000. Hata kama unahitaji mkopo mdogo, usikubali thamani ishushwe, maana mkufu ukipotea mikononi mwa wakopeshaji, utalipwa kwa thamani iliyoandikwa.

Riba isomwe kwa shilingi. Asilimia 10 kwa mwezi juu ya 1,000,000 ni 300,000 kwa miezi mitatu. Riba ikizaa riba inakuwa 331,000. Uliza pia kama ya mwezi wa kwanza inakatwa papo hapo, na kama siku moja ya kuchelewa inahesabiwa mwezi mzima.

Tarehe ya kukomboa ndiyo inayowaumiza wakulima wetu. Iandikwe siku, mwezi na mwaka. Ukikopa tarehe 10 Novemba, "siku 90" zinaishia tarehe 8 Februari, ilhali "miezi mitatu" inafika tarehe 10. Mtu amepoteza bangili za mama yake ndani ya siku mbili kama hizo. Na Februari mahindi bado mabichi shambani. Kama unategemea kuyauza Juni au Julai, omba muda ufike huko, au masharti ya kuongeza muda yaandikwe sasa hivi, pamoja na gharama yake. Yaandikwe pia watakavyokuarifu kabla ya kuuza, na kwamba kinachozidi deni baada ya mauzo ni chako.

Piga picha mkufu ukiwa juu ya mizani, namba ikionekana, ndipo usaini.