Kupanga mazoezi ya kituo cha kupima shinikizo la damu kabla ya mtihani wa vitendo

Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kutaja hatua zote za kupima shinikizo la damu akiwa na daftari mbele yake, kisha akakwama mbele ya mtahini kwa sababu mikono yake haijazoea kufunga mkanda huku akizungumza na mgonjwa. Ndiyo maana katika ratiba ninayowapa wanafunzi, kusoma maandishi kunaishia siku ya kwanza.

Siku hiyo, geuza maandishi yako kuwa orodha ya matendo ambayo mtahini anaweza kuyaona au kuyasikia, kwa kuwa asichokishuhudia hawezi kukipa alama. Kujua kwamba mgonjwa apumzike dakika 5 hakutoshi. Ni lazima umuulize kwa sauti ameketi kwa muda gani.

Siku ya pili kutaneni watatu: mtahiniwa, mgonjwa na mtahini asiyesema neno. Tegeni saa kwa muda uleule wa kituo, na mtahiniwa afike mwisho bila kuanza upya hata akikosea, kwa maana kwenye mtihani hatapewa nafasi ya kurudia. Mtahini aweke alama kwenye orodha na aandike mahali mwenzake aliposita.

Baada ya hapo, fanyieni mazoezi kile kipande kilichoharibika peke yake. Tuseme mtahiniwa amesoma 118 kwenye kipimo cha mshale, ilhali mwenzake anayesikiliza pamoja naye kwa stetoskopu ya kufundishia amesikia pigo la kwanza kwenye 126. Mara nyingi chanzo ni kufungua vali kupita kiasi, kiasi kwamba mshale umeshapita kabla sikio halijalinasa pigo. Mshale unapaswa kushuka milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde, hivyo safari ya kutoka 150 hadi 120 ichukue sekunde 10 hadi 15. Fungeni mkanda kwenye chupa ngumu, mjaze hewa na mpime safari hiyo kwa saa mpaka vidole viizoee. Chupa haichoki, lakini mkono wa mtu unahitaji kupumzishwa walau dakika moja kati ya vipimo. Angalieni pia tarakimu ya mwisho: kipimo chenye mistari ya milimita mbili mbili hakiwezi kutoa 121, na anayeiandika amekisia.

Kipande kikinyooka, rudieni kituo kizima siku ya nne, ya saba na ya tisa, kila mara kwa mgonjwa tofauti. Mmoja awe na mkono mnene unaodai mkanda mkubwa zaidi, kwa kuwa mkanda mdogo hupandisha kipimo isivyo halali. Mwingine aongee wakati wa kupimwa, ili mtahiniwa azoee kumwomba kwa upole anyamaze. Siku ya tisa mtahini amwulize mwenzake, mara tu anapoandika majibu, kwa nini alitafuta kwanza kiwango cha juu kwa kugusa mapigo ya kifundo cha mkono, naye ajibu huku akiendelea kumfungulia mgonjwa mkanda.