Kwadratiki: kabla hujashika njia, tafuta b² − 4ac

Watoto wa skuli wengi wakipewa kwadratiki wanakimbilia kusaka zile namba mbili za vigawo, wanasaka weee hawazioni, kumbe hazipo. Mi nasema anza na b² − 4ac, mstari mmoja tu huo, unakwambia upite wapi.

Hatua ya 1: hamishia kila kitu upande mmoja, mwengine ubaki 0. Kama kuna desimali au sehemu zidisha kwanza mpaka zote ziwe namba nzima.

Hatua ya 2: tafuta b² − 4ac. Tuchukue 6x² + 7x = 20, inakuwa 6x² + 7x − 20 = 0: a ni 6 ya x², b ni 7 ya x, c ni −20 iliyobaki peke yake.

49 − 4(6)(−20) = 49 + 480 = 529

Hapo kwenye alama pana mtego, mtu anaandika 49 − 480 halafu anasema swali halina jibu.

Hatua ya 3: 529 ni 23 × 23, mraba kamili, basi vigawo vipo na kuvitafuta si kupoteza wakati. 6 × −20 ni −120, tunataka namba mbili zikizidishwa zitoe −120 na zikijumlishwa zitoe 7, nazo ni 15 na −8.

6x² + 15x − 8x − 20 = 0
3x(2x + 5) − 4(2x + 5) = 0
(3x − 4)(2x + 5) = 0

x = 4/3 au −5/2.

Isipokuwa mraba kamili, vigawo achana navyo, sasa tazama a na b. x² − 8x + 3 = 0 inatoa 52, lakini a ni 1 na b ni shufwa, kwa hiyo kukamilisha mraba ni rahisi mno: nusu ya 8 ni 4, (x − 4)² = 16 − 3 = 13, x = 4 ± √13, basi. Ila 3x² + 5x − 1 = 0 inatoa 37, na ukitaka kukamilisha mraba utaogelea kwenye 5/6 na 25/36, tabu yote ya nini? Tia fomula: x = (−5 ± √37)/6, na ile 6 igawe mpaka −5, si √37 peke yake.

Maswali

*Mwl, swali likisema "kwa kukamilisha mraba" na mimi naona vigawo?*
Fanya walivyotaka, mwanangu, maksi za njia ziko hapo. Vigawo tumia pembeni kuhakikisha jibu.

*b² − 4ac ikitoka hasi je?*
Kwa namba halisi hakuna jibu, usiendelee. Ila rudi kwanza uangalie alama ya c.

*Jamvi la kuanikia karafuu, urefu umezidi upana kwa mita 3, eneo mita za mraba 40. Nimepata 5 na −8, niandike zote?*
x² + 3x − 40 = 0, b² − 4ac ni 169, vigawo (x + 8)(x − 5), umepatia. Andika zote mbili kisha useme −8 inaachwa kwa sababu upana hauwi hasi. Upana 5, urefu 8.