Unapolinganisha mashine mbili za hemoglobini, usisahau kosa la mashine ya zamani

Regresheni ya kawaida huchukulia kwamba vipimo vya mhimili wa x havina kosa lolote, jambo ambalo si kweli kwa mashine yoyote ya maabara. Tuseme hemoglobini halisi ya wagonjwa wako ina mkengeuko sanifu wa 1.5 g/dL, na mashine ya zamani, iliyo kwenye x, ina kosa la nasibu la 0.5 g/dL. Hata kama mashine mpya inakubaliana nayo kikamilifu kwa wastani, mteremko utashuka hadi takriban 2.25 ÷ (2.25 + 0.25), yaani 0.90, nawe utailaumu bure mashine mpya.

Tumia regresheni ya Deming, ambayo huhitaji uwiano wa miraba ya makosa ya mashine hizo mbili. Ili kuupata, pima kila sampuli mara mbili kwa kila mashine, jumlisha miraba ya tofauti za jozi, kisha ugawanye kwa mara mbili ya idadi ya sampuli; hapo utapata mraba wa kosa la kila mashine. Kosa la mashine mpya likiwa 0.25 g/dL, uwiano wa x kwa y ni 4:

```r
library(mcr)
mcreg(x, y, error.ratio = 4,
      method.reg = "Deming")
```

Programu nyingine hutaka uwiano huo kinyume, yaani y kwa x, kwa hiyo soma maelezo yake kwanza. Iwapo kosa hukua kadiri kipimo kinavyopanda, njia hii haitoshi. Chagua `"WDeming"`, ambayo huzipa thamani kubwa uzito mdogo.