Chumvi haijashika chupani, lakini mahindi bado mabichi

Kila ninapotunga mtihani wa usalama wa chakula huweka swali hili: chumvi isiposhika kwenye chupa, mahindi yana unyevu kiasi gani? Wengi hujibu asilimia 13. Wamekosa, na wakulima hukosa vivyo hivyo, ila wao gharama yake ni ghala zima.

Kipimo cha chumvi kinajua mpaka mmoja tu, nao ni asilimia 15 hivi. Ukichukua chupa kavu, ukaijaza mahindi hadi robo, ukatia vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, ukatikisa dakika 3 na kuiacha itulie dakika 15, chumvi ikigandia ukutani unyevu umepita 15. Isipogandia, uko chini ya hapo. Basi. Chumvi haikuambii kama ni 14.5 au 13, na kuhifadhi kwa miezi mingi kunataka 13. Hapo katikati ndipo kuvu wanaotoa sumukuvu hupata nafasi, hasa joto likiwa juu. (Na tafadhali, chumvi yenyewe iwe kavu. Chumvi iliyolowa hushika hata chupa tupu.)

Tazama hesabu hii. Gunia lina kilo 100 na kipima unyevu kimesoma asilimia 18. Maji ni kilo 18, mahindi matupu kilo 82. Unaanika, kilo 82 hazipungui, maji ndiyo yanaondoka. Ili unyevu ufike 13, hizo 82 ziwe sehemu 87 kwa kila 100 ya uzito mpya, yaani gunia lishuke hadi kilo 94 na robo. Sasa mizani ikisoma 96, unyevu ni 14.6. Chumvi haitashika, mkulima atashangilia na kufunga, na bado alikuwa na karibu kilo 2 za maji za kuondoa! Kwa hiyo chumvi ikiacha kushika, endelea kuanika, upime uzito tena. Usipepete wala kuchambua kati ya vipimo viwili, maana utahesabu makapi kama maji.

Mfuko usiopitisha hewa haukaushi kitu. Unyevu unaoufungia ndani utabaki ndani. Usiyafunge mahindi yakiwa na joto la jua pia, kwa kuwa usiku mfuko ukipoa mvuke hugeuka matone na kulowesha punje za juu. Yaache kivulini yapoe kwanza.

Yaliyokauka sawasawa hulia yakimwagwa.

Kuna anayeniambia ataanika tena akiona ukungu. Huko ni kuchelewa: kuanika humzuia kuvu asiendelee, lakini sumu aliyokwisha kuitoa inabaki, na kuchemsha hakuiondoi. Tena punje inaweza kuwa na sumu bila ukungu kuonekana, kwa hiyo jicho lako si kipimo. Mahindi yenye shaka yapelekwe maabara kabla ya kuliwa, na mifugo wasipewe: ng'ombe akila, sumu hupita hadi kwenye maziwa.