Cheti cha kuzaliwa cha Uingereza: kifupi au kamili? Mambo ya kuangalia kabla ya kupeleka maombi

Mzazi aliyezoea cheti cha RITA au cha Kenya hujikwaa hapa mapema, kwa sababu vyeti hivyo tayari vina majina ya baba na mama. Uingereza na Welsi mambo ni tofauti. Kuzaliwa kumoja kunaweza kutolewa vyeti vya aina mbili, vyote halali na vyote vya msajili. Kifupi kina jina la mtoto, jinsia, tarehe na mahali alipozaliwa, basi. Kamili ni nakala rasmi ya kile kilichoandikwa kwenye daftari la usajili: jina la baba, jina la mama pamoja na la ukoo wake kabla ya kuolewa, walikozaliwa, kazi zao na anwani yao. Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kutafuta kazi ya mzazi. Usipoiona popote, hicho ulichoshika ni kifupi.

Shuleni kifupi kinatosha. Kanuni za uandikishaji wa shule za serikali za Uingereza zinaruhusu shule kuomba uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa baada ya kumpa mtoto nafasi, lakini zinaikataza kudai cheti kamili, au karatasi nyingine yenye habari za wazazi. Kwa hiyo karani akisema lete kirefu, mwambie kwa upole kwamba kifupi ndicho kinachotakiwa. Huna haja ya kumwonyesha baba ni nani au mama anafanya kazi gani.

Pasipoti ndipo kifupi kinapokwama. Kuzaliwa Uingereza tangu tarehe 1 Januari 1983 hakumfanyi mtoto kuwa raia moja kwa moja. Ni lazima siku alipozaliwa mzazi mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu. Ofisi ya pasipoti basi haiulizi tu mtoto ni nani, inauliza ni wa nani, na jibu hilo kifupi hakina.

Chukua mtoto aliyezaliwa Reading Machi 2023. Mama ni Mkenya aliyepata ukaazi wa kudumu mwaka 2021, na wazazi hawakufunga ndoa. Yatakiwa cheti kamili chenye jina la mama, na uthibitisho kwamba Machi 2023 alikuwa tayari na ukaazi huo. Linganisha herufi kwa herufi jina la mama kwenye cheti na lile la pasipoti yake. Kama ameolewa baadaye na pasipoti ina jina jipya, ambatisha cheti cha ndoa, la sivyo faili litasimama.

Geuza sasa hali hiyo: mwenye ukaazi ni baba, mama hana. Kwa wazazi wasiooana, jina la baba haliingii kwenye daftari kwa kutajwa tu na mama. Kwa kawaida huenda wote wawili kwa msajili. Kama baba hakwenda, hata cheti kamili kitakuwa na nafasi tupu pale panapomhusu, na kulipia nakala nyingine hakusaidii chochote. Kinachohitajika ni kusajili upya kwa fomu GRO185, ndipo uagize cheti kipya. Hili lifanywe kabla ya kulipia pasipoti. Na kama ukaazi ulipatikana baada ya mtoto kuzaliwa, tatizo si cheti tena: mtoto anatakiwa kwanza aandikishwe kuwa raia kwa fomu MN1.

Ofisi za viza hufuata mantiki ileile ya pasipoti. Mtoto anayeombewa viza ya Shengeni lazima aunganishwe na wazazi wanaotia saini ya kumruhusu asafiri, na viza ya kuhamia Marekani hutaka cheti chenye majina ya wazazi wote wawili. Peleka kamili.

Aliye na kifupi tu ataagiza kamili kwa msajili wa wilaya alikozaliwa mtoto, au kwa GRO, ofisi kuu ya usajili ya Uingereza na Welsi, ambako bei imekuwa pauni 12.50 tangu Aprili 2024. Andaa tarehe, mahali na majina ya wazazi kama yalivyosajiliwa, hata kama yalikosewa, maana watayatafuta hivyo hivyo. Agiza mbili, moja ibaki nyumbani wakati nyingine ipo kwa maofisa. Fotokopi haipokelewi kwenye pasipoti, hata ikiwa na rangi. Wala usikifanyie laminesheni: karatasi yenyewe ndiyo inayokaguliwa, na ikishafunikwa plastiki hakuna wa kuigusa.