Kuvunja mafuta mazito maabarani bila kupasua testitubu

Wiki iliyopita nilishinda maabarani na mwalimu mgeni wa kemia hapa Mombasa, tukivunja molekuli ndefu za mafuta mazito kuwa fupi. Alikuwa ameshapasua testitubu mbili, na maji yake ya bromini, ambayo yangepoteza rangi kama mafuta yangevunjika, yalibaki na rangi ileile ya chungwa. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya ufundi wa maabara nilipoteza siku nzima papo hapo, kwa hiyo hatua ya kupasha moto nitaieleza kwa urefu.

1. Kukeneka

Pasha polepole mchanganyiko unaofanana na mafuta ghafi. Balbu ya kipimajoto ikae usawa wa mrija wa pembeni, kwa sababu unapima mvuke unaotoka, si mafuta yanayochemka. Badilisha chombo cha kupokelea kwenye nyuzi 70, 120, 170 na 220 za Selsiasi. Sehemu ya kwanza ni nyepesi kama maji na hushika moto upesi. Ya mwisho ni nzito, ya manjano, na ikiwaka hutoa masizi.

Hapa hakuna molekuli iliyovunjika. Zimetengana tu kufuatana na kiwango cha mchemko. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofanya kazi hiyo kuanzia 1963 hadi 2013, kilikuwa na minara ya kukeneka lakini hakikuwa na mtambo wa kuvunja, ndiyo maana mafuta mazito ya tanuri yalitoka mengi. Ukitaka petroli zaidi kutoka kwenye uzito huo, lazima ukate minyororo ya kaboni iliyomo kwenye molekuli zake.

2. Kupanga testitubu

Nunua mafuta ya parafini ya duka la dawa, yale mazito yasiyo na rangi wala harufu. Usitumie mafuta ya taa, ingawa huku kwetu nayo huitwa parafini: hugeuka mvuke haraka mno, hupita kabla ya kuvunjika, na hushika moto kwa urahisi.

Lowesha pamba ya kioo (ya kawaida itaungua) kwa mafuta hayo, uisukume hadi kitako cha testitubu iliyolazwa kwenye stendi. Katikati weka kichocheo. Wengi hupenda unga wa oksidi ya alumini; mimi nachagua vigae vya mtungi usiopakwa rangi, kwa kuwa unga ukijaa huziba njia ya gesi. Vikaushe kwanza juu ya moto. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na udongo huunywa. Ziba mdomo kwa kizibo chenye mrija unaoishia ndani ya beseni la maji.

3. Kupasha moto

Vaa miwani, fungua madirisha. Moto mkali uelekezwe kwenye vigae mpaka viive vyekundu kidogo, kisha uuguse upande wa pamba kwa sekunde chache na kuurudisha kwenye vigae. Mwenzangu alikuwa akichoma pamba. Mafuta yalikuwa yakipita mazima juu ya vigae vilivyopoa. Dalili yake ni utando wa mafuta juu ya maji ya beseni huku bromini haibadiliki.

Sasa kuhusu kupasuka. Ukiondoa moto, gesi iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, na maji baridi hunyonywa kupitia mrija hadi kwenye kioo cha moto. Kwa hiyo usikodolee moto, tazama mrija. Mapovu yakikoma na maji yakianza kupanda, nyanyua stendi nzima mpaka mrija utoke majini. Usianze kuhangaika na kizibo, na usizime moto. Ukimaliza kazi mpangilio ni huohuo: mrija utoke majini kwanza, moto uzimwe baadaye. Mwalimu alikuwa akizima kwanza, mara zote mbili.

4. Kupima gesi

Testitubu ya kwanza utakayokingia gesi kwenye mrija itupe, hiyo ni hewa iliyokuwemo. Kwenye ya tatu tia matone mawili matatu tu ya maji ya bromini, ziba, tikisa. Ukimimina mengi, gesi itaisha kabla ya rangi.

Kwa nini rangi ipotee? Chukua mnyororo mfupi kuliko wa parafini yetu, ili hesabu iwe nyepesi:

```
C10H22 → C8H18 + C2H4
```

Okteni, yaani C8H18, ikishachukua haidrojeni 18, zinabaki 4. Kaboni mbili zilizosalia zingehitaji 6 ili zishibe. Kwa kuwa hazipo, kaboni hizo hushikana kwa kifungo maradufu, na hiyo ndiyo ethilini. Bromini hujiunga kwenye kifungo hicho, rangi ikaondoka. Okteni imeshiba, nayo haina nafasi ya kuipokea namna hiyo.

Testitubu ya tatu ya mwalimu ilikuwa safi kama maji ya mvua kabla hajamaliza kuitikisa.