SOMO: Pampingi lema, jinsi ya kuonyesha lugha ya "a na b sawasawa" siyo regula

Wakuu habari za jioni. Naandika hili somo mara moja ili nisiulizwe tena, maana wiki hii nimejibu swali hili hili inboksi mpaka vidole vinauma, na jana dogo mmoja kanidaka pale Mwanga sokoni nimebeba dumu la mawese anataka nimweleze nimesimama juani. Ukishauliza nitakutumia linki ya hapa tu.

Swali lenyewe: L ni maneno yote ya herufi a na b ambayo idadi ya a ni sawa na idadi ya b, mpangilio wowote. abba imo, baab imo, aab haimo. Onyesha L siyo regula.

Kwanza elewa lema inatoka wapi, Rabin na Scott waliithibitisha 1959 na wazo lake ni la kawaida sana. Lugha regula ina otomata yenye steti zenye kikomo, tuseme p. Mashine ikisoma neno lenye herufi p au zaidi inapita vituo, yaani steti, angalau p+1 kuhesabu na pale ilipoanzia, na vituo viko p tu, kwa hiyo kuna kimoja imekirudia, ni kama bodaboda mwenye vijiwe vinne akisimama mara tano, lazima kuna kijiwe kakirudia. Kipande cha neno kati ya mara ya kwanza na ya pili ndiyo y, na hicho ni kipilefti: uzunguke mara moja, mara saba, au usizunguke kabisa, unatokea barabara ile ile, na mashine haikumbuki umezunguka mara ngapi. Cha kabla ya kipilefti ni x, cha baada ni z.

Sasa hatua.

1. Jifanye L ni regula. Basi kuna p, na hujui ni ngapi, iache hivyo hivyo p.

2. Chagua neno ndani ya L lenye urefu angalau p. Chagua a^p b^p.

3. Neno linakatwa xyz. HAPA NDIPO NILIPOFELI MIMI kwa hiyo soma taratibu. Anayekata siyo wewe, ni mpinzani wako, na atakata pale panapomfaa yeye. Mimi kwenye mtihani nilikuwa nimekariri prufu ya a^n b^n ile ya kesi tatu, y iko kwenye a tupu, y iko kwenye b tupu, au y imekaa katikati ina a na b. Kwa a^n b^n kesi ya tatu inakubali kwa sababu ukirudia ab katikati unapata ...abab... na mpangilio umeharibika. Nikaihamisha nzima nzima kwenye L hii, nikaandika "kesi ya tatu mpangilio unaharibika" nikafunga karatasi nikaenda kula. Lakini L hii haijali mpangilio! Mpinzani akichukua y = ab pale katikati, ukiirudia mara mia unaongeza a mia na b mia, idadi bado sawa, neno bado limo. Prufu imekufa. Nilipata 2 kati ya 10, na hizo mbili nadhani ni za huruma.

Dawa yake ni lile sharti ambalo watu wanalinukuu halafu hawalitumii: |xy| ≤ p. Kipilefti cha kwanza lazima kitokee ndani ya herufi p za mwanzo, kwa sababu steti ni p tu, hauwezi kwenda mbali zaidi ya hapo bila kurudia. Na herufi p za mwanzo za neno letu zote ni a. Kwa hiyo mpinzani apende asipende y ni a tupu, katikati hafiki. Ndiyo maana nilichagua a^p b^p na siyo neno lingine, ule ukuta wa a p mwanzoni ni wa kumfungia.

ONYO: ukiandika "tuchukue x = a, y = aa" umeshapotea. Andika y = a^k, k ≥ 1, na k hujui.

4. Pampu mara mbili:

```
x y^2 z = a^(p+k) b^p
k ≥ 1, kwa hiyo p+k ≠ p
```

Halimo ndani ya L, lema ilisema limo, mgongano, L siyo regula. Kwisha. Ukitaka kuitoa y kabisa, yaani i = 0 kwenye y^i, nayo inafanya kazi, a zinapungua badala ya kuzidi.

Maswali chini.

---

mtoto_wa_gungu: Kaka naomba unifanyie swali la 3 la asainimenti, picha nimekutumia inboksi, ni kesho saa 2

Mwandishi: Hapana. Hatua ni nne hapo juu.

reli_ya_kati: Mkuu mi niko Tabora. Kwa nini nisiweke p = 4 nikatumia aaaabbbb, si ndiyo rahisi kuonekana

Mwandishi: Hatua ya 1 nimesema iache p. Ukifanya na 4 umeonyesha tu kwamba mashine ya steti 4 haiwezi. Msahihishaji atakuuliza ya steti 5 je.

reli_ya_kati: Sasa si hasira mkuu nimeuliza tu

Mwandishi: Sina hasira, nimeulizwa hilo mara nyingi. Ukisoma aaaabbbb kama mfano wa kuona picha ni sawa, usiiandike kama prufu.

dada_kasulu: Samahani kaka, mimi nilichagua (ab)^p, nayo imo ndani ya L na ni ndefu kuliko p. Nimekwama, kila nikipampu inabaki ndani. Ina maana L ni regula?

Mwandishi: Swali zuri dada, na usijilaumu. Hapo mpinzani kachukua x tupu na y = ab, urefu 2, sharti la |xy| ≤ p halijamzuia kitu, na (ab) ukiirudia inabaki sawasawa milele. Lakini haimaanishi L ni regula, inamaanisha neno lako halimbani. Lema inasema KILA neno refu linapampika, kwa hiyo wewe kuivunja unahitaji moja tu linalogoma. Moja likikubali tupa, tafuta lingine.

dada_kasulu: Na kama maneno yote yangekubali, ndiyo tungesema regula?

Mwandishi: Hata hapo hapana, na ndipo wengi wanapodanganyika. Chukua maneno ya a^i b^j c^k yenye sharti kwamba i ikiwa 1 basi j = k, i ikiwa nyingine yoyote j na k ni huru. Lema inapita na p = 2: i ikiwa 1 pampu ile a, sharti linakufa lenyewe; i ikiwa 2 pampu aa kwa pamoja ili usiangukie 1; i ikiwa 3 kwenda juu pampu a moja; i ikiwa 0 pampu herufi ya kwanza yoyote. Lakini siyo regula, ukibakiza yenye a moja tu unapata a b^n c^n, na hiyo unaijua. Lema inakataa tu, haithibitishi.

fundi_simu_ujiji: Kuna njia fupi. Regula ukikutanisha na regula unapata regula. Kutanisha L na a*b*, kinachobaki ni a^n b^n, ambayo siyo regula, kwa hiyo L siyo. Mistari miwili.

Mwandishi: Kweli kabisa, ila kama a^n b^n haijathibitishwa darasani watakudai uithibitishe kwanza. Na kwa hiyo hata kesi tatu zinakubali hahaha, ningejua.

dada_kasulu: Basi lugha ya maneno ambayo "ab" inatokea mara sawa na "ba" nayo siyo regula, maana ni kuhesabu vilevile?

Mwandishi: Hiyo ni regula dada! Baada ya kutoka a kwenda b huwezi kufanya ab nyingine mpaka urudi kwa ba, zinapokezana, tofauti haizidi moja. Kwa hiyo zikiwa sawa maana yake neno limeanza na kuisha na herufi ile ile, au ni tupu. Jaribu abba halafu abbab uone. Steti tano zinatosha, chora ulete hapa nikuangalizie.